Jinsi ya Kuandaa Dai la Gharama Baada ya Safari ya Kikazi: Posho, Risiti na Masurufu

Dai la safari linaporudishwa na ofisi ya uhasibu, mara nyingi kosa haliko kwenye kujumlisha. Liko nyuma zaidi, pale ambapo msafiri amechanganya fedha za aina tatu ambazo kila moja ina sheria yake. Ya kwanza ni posho, ambayo hulipwa kwa kiwango cha siku na kwa kawaida haidaiwi risiti. Ya pili ni gharama halisi, ambazo hurejeshwa kwa kiasi kile kile kilicholipwa, mradi kuna risiti. Ya tatu ni masurufu, yaani fedha uliyokabidhiwa kabla ya kuondoka. Hii si malipo hata kidogo, bali ni deni lililoandikwa kwa jina lako katika vitabu vya ofisi, na litaendelea kusomeka hivyo mpaka ulifunge kwa hesabu.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ofisa mmoja amekwenda kwenye warsha katika mji mwingine, akaondoka Jumatatu saa 4 asubuhi na kurudi Ijumaa saa 9 alasiri, hivyo amelala nje usiku mara nne. Kabla ya safari alipewa masurufu ya 1,200, yaliyokisiwa hivi: posho ya siku tano kwa 120, ambayo ni 600, na malazi ya usiku nne kwa kikomo cha 150, ambayo ni 600 nyingine. Tiketi ya kwenda na kurudi ilinunuliwa na ofisi moja kwa moja. Tarakimu zote ni za mfano na hazina jina la sarafu. Weka sarafu na viwango vya mwajiri wako mahali pake.

Aliporudi, ofisa huyu alikadiria haraka haraka kwamba anaidai ofisi posho ya 600, bili ya hoteli ya 615, teksi za 150 na uchapishaji wa nyaraka wa 28, jumla 1,393, na kwa kuwa alipewa 1,200, basi anastahili kuongezwa 193. Tutaona hesabu hiyo inaishia wapi.

Hatua ya kwanza: andika safari ilivyokuwa, si ilivyopangwa

Kabla ya kugusa fomu, weka mezani barua ya idhini ya safari, karatasi uliyotia saini ulipopokea masurufu, tiketi, bili ya hoteli, risiti zote, na ratiba ya shughuli uliyoiendea. Kisha chukua karatasi tupu na uandike kila siku kwa mstari wake: saa uliyoondoka au kufika, mahali ulipolala, na mlo uliotolewa bure na mwenyeji. Kazi hii inachukua muda mfupi, lakini ndiyo inayobeba dai zima, kwa sababu posho yote hutokana na mistari hiyo.

Andika yaliyotokea. Kama idhini ilisema ungerudi Jumamosi nawe ukarudi Ijumaa, posho inaishia Ijumaa, na masurufu ya siku iliyobaki yanarudi. Kama ulichelewa kwa sababu ya chombo cha usafiri kuahirishwa, ambatisha ujumbe wa kampuni ya usafiri unaoonyesha mabadiliko hayo. Siku ya ziada isiyo na karatasi inayoieleza huwa ya kwanza kukatwa. Na kama uliongeza siku mbili za kutembelea ndugu baada ya kazi, hizo ni zako mwenyewe, na ni vyema kuziandika wazi kwamba huzidai kuliko kumwachia mhasibu azigundue kwenye tarehe za tiketi.

Hatua ya pili: kokotoa posho

Swali la kwanza ni posho ya mwajiri wako inabeba nini. Kuna ofisi zinazotoa posho moja ya kujikimu inayojumuisha malazi, chakula na matumizi madogo, na hapo huwezi tena kudai bili ya hoteli, hata kama risiti yake unayo. Kuna nyingine ambazo posho ni ya chakula na matumizi madogo tu, nayo hoteli hulipwa kwa risiti hadi kikomo fulani. Ofisa wetu yuko katika mfumo huu wa pili. Ukikosea hapa, utakuwa umedai kitu kimoja mara mbili bila kukusudia, na maelezo ya baadaye huwa magumu.

Swali la pili ni siku ya kuondoka na siku ya kurudi zinahesabiwaje. Ofisi nyingi hazilipi posho nzima kwa siku hizo. Serikali ya Marekani, kwa mfano, huwalipa watumishi wake asilimia 75 ya posho ya chakula kwa siku ya kwanza na ya mwisho ya safari. Wengine hulipa nusu, na wengine huangalia saa: ukiondoka kabla ya saa fulani unapata siku nzima. Katika mfano wetu kanuni ni asilimia 75, kwa hiyo Jumatatu na Ijumaa ni 90 kila moja badala ya 120.

Swali la tatu, ambalo wasafiri husahau kuliko yote, ni milo iliyotolewa bure. Posho ya chakula imekusudiwa kununulia chakula. Pale ambapo mwenyeji wa warsha amekulisha, sehemu ya posho hupungua. Nchini Ujerumani kanuni ya kodi hukata asilimia 20 ya kiwango cha siku nzima kwa kifungua kinywa, na asilimia 40 kwa mlo wa mchana na vivyo hivyo kwa wa jioni. Angalia kwamba asilimia hiyo hukatwa kutoka kwenye kiwango cha siku nzima, hata katika siku ambayo posho yenyewe ni pungufu. Kanuni za ofisi yako zinaweza kuwa na asilimia tofauti, nazo zinaweza kuhesabu kifungua kinywa kilichojumuishwa kwenye bei ya chumba kuwa ni mlo uliotolewa. Soma kifungu hicho polepole.

Ofisi ya ofisa wetu hukata asilimia 30 kwa mlo wa mchana, yaani 36, na warsha ilitoa mlo huo Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kifungua kinywa cha hoteli hakikatwi kwake. Posho yake basi ni hii:

- Jumatatu: 90
- Jumanne: 120 kutoa 36, yaani 84
- Jumatano: 84
- Alhamisi: 84
- Ijumaa: 90
- Jumla: 432

Ile 600 ya kwenye makisio imepungua kwa 168, na hakuna aliyemdhulumu. Makisio hufanywa kwa kiwango cha juu ili msafiri asikwame ugenini. Dai hufanywa kwa yaliyotokea.

Watu huuliza kama wanapaswa kuambatisha risiti za chakula ili kuthibitisha posho. Kama kanuni inasema posho ni ya kiwango maalumu, usiziambatishe. Risiti ya mgahawa ikiwa ndani ya bahasha humfanya mkaguzi ajiulize kama unadai chakula mara mbili, na hapo utaanza kujibu hoja ambayo haikuwapo. Kinachothibitisha posho ni tarehe na mahali: tiketi, bili ya hoteli na karatasi ya mahudhurio ya warsha.

Hatua ya tatu: chambua risiti moja moja

Chukua bili ya hoteli kwanza, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo yenye mitego mingi. Bili ya ofisa wetu inasema 615. Ukiisoma mstari kwa mstari utakuta usiku nne kwa 140, ambayo ni 560, ufuaji wa nguo 25, na chakula cha jioni kilicholetwa chumbani 30. Malazi yako chini ya kikomo cha 150, kwa hiyo 560 yote inadaiwa. Chakula cha jioni tayari kimo ndani ya posho. Ufuaji wa nguo kwa safari fupi kama hii kwa kawaida huhesabiwa kuwa matumizi madogo, nayo posho imeyabeba. Anadai 560, na pembeni ya bili anapiga mstari kwenye ile 55 na kuandika «binafsi, haidaiwi». Alama hiyo ndogo humwonyesha mhasibu kwamba tofauti kati ya bili na fomu ni ya makusudi.

Tena, kikomo cha 150 ni kwa kila usiku peke yake. Aliyelala usiku mmoja kwa 170 na mwingine kwa 130 hawezi kusema wastani wake ni 150, isipokuwa kanuni imeruhusu hivyo. Ile 20 ya usiku wa kwanza ni yake.

Kisha hakikisha kwamba kila karatasi unayoiita risiti ni risiti kweli. Risiti huonyesha nani amelipwa, tarehe, kilichonunuliwa, kiasi, na kwamba fedha imeshapokelewa. Ankara kifani inayotolewa kabla ya malipo haithibitishi malipo. Uthibitisho wa kuhifadhiwa chumba hauthibitishi kwamba ulilala. Kikaratasi cha mashine ya kadi huonyesha kwamba fedha imetoka, lakini hakisemi imenunua nini, hivyo kinahitaji bili iambatane nacho. Angalia pia fedha ambayo hoteli huizuia kwenye kadi siku ya kuingia kama dhamana: hiyo huonekana kwenye simu kama makato, kisha huachiliwa baada ya siku kadhaa, na ukiidai utakuwa umedai kitu ambacho hukulipa.

Risiti za teksi ndizo zenye udhaifu mkubwa zaidi. Nyingi huandikwa kwa mkono, zikiwa na kiasi tu. Omba dereva aandike tarehe, alikokuchukua na alikokushusha, au uandike mwenyewe kwa penseli nyuma ya risiti siku hiyo hiyo, maana baada ya wiki hutakumbuka ni ipi iliyokuwa ya kituo na ipi ya ukumbini. Ofisa wetu alipanda teksi mara nne: kutoka nyumbani hadi kituoni 40, kutoka kituoni hadi hotelini 35, kurudi kituoni 35, na kwenda nyumbani 40. Jumla ni 150, lakini risiti ya safari ya kutoka kituoni hadi hotelini haipo.

Kwa risiti iliyopotea kuna njia iliyonyooka. Kwanza mtafute aliyelipwa na umwombe nakala. Hoteli na kampuni za usafiri huwa na kumbukumbu, na huduma za teksi za simu huhifadhi kila safari kwenye akaunti yako. Nakala ikikosekana, andika tamko fupi lenye tarehe, mahali, kiasi, sababu ya malipo na sababu ya kukosa risiti, ulitie saini, na umwombe msimamizi wako aliidhinishe. Kuna ofisi zenye kiwango cha juu cha tamko la namna hiyo, na kuna ambazo hazilikubali kabisa. Kitu kisichokubalika popote ni kuandika risiti mpya kwa mkono wako au kumwomba dereva mwingine akupe yake. Hapo kosa la kupoteza karatasi linageuka kuwa la kughushi kwa ajili ya kiasi kidogo.

Karatasi zenyewe zinahitaji uangalifu. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto, bila wino, kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia ikiachwa juani, kwenye gari lenye joto au ndani ya mfuko laini wa plastiki. Zipige picha jioni ile ile, na utoe nakala kabla ya kuwasilisha. Risiti ndogo zibandike kwenye karatasi kubwa kwa kufuata tarehe, bila kufunika maandishi, na uipe kila moja namba. Namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye mstari wa fomu, ili anayesoma «risiti namba 3» aikute bila kupekua.

Gharama nyingine, yaani uchapishaji wa nyaraka za warsha kwa 28, haina utata: ina risiti, na ni ya kazi. Ongeza sentensi moja ya kueleza kilichochapishwa.

Hatua ya nne: fedha za kigeni, kama zilikuwapo

Mfano wetu ni wa sarafu moja, kwa hiyo asiyevuka mpaka aruke sehemu hii. Aliyevuka anahitaji kujua kiwango kipi cha kubadilishia fedha atumie, na jibu la kwanza liko kwenye kanuni za ofisi. Zikiwa kimya, njia yenye mantiki ni kiwango ulichokipata kweli: kwa fedha taslimu ni kile cha hati ya duka la kubadilishia fedha, na kwa kadi ni kile kilichomo kwenye taarifa ya benki.

Hapa ada huleta mkanganyiko. Tuseme bango linasema kila 1 ya nyumbani ni 8 za ugenini. Ukatoa 400, na baada ya ada ukakabidhiwa 3,120. Kiwango chako halisi si 8 bali ni 3,120 kugawanya kwa 400, yaani 7.8. Risiti ya 312 ni 40 ya nyumbani kwa kiwango hicho, na ada imeshaingia ndani yake. Unaweza badala yake kutumia 8 ya bango na kudai ada kwa mstari wake. Kufanya yote mawili ni kudai ada mara mbili. Vyovyote utakavyochagua, tumia njia hiyo hiyo kwenye risiti zote zilizolipwa kwa fedha ile, na uambatishe hati ya kubadilishia.

Hatua ya tano: linganisha dai na masurufu

Sasa jumla ya dai inapatikana:

- Posho: 432
- Malazi: 560
- Teksi: 150
- Uchapishaji: 28
- Jumla ya dai: 1,170
- Masurufu yaliyopokelewa: 1,200
- Kiasi cha kurejesha: 30

Ofisa aliyedhani anadai 193 anatakiwa kurudisha 30. Tofauti ya 223 imetoka mahali pawili tu: posho iliyopungua kwa 168, na 55 ya bili ya hoteli. Na kama tamko la teksi ya 35 halitakubaliwa, dai litashuka hadi 1,135 na kiasi cha kurejesha kitapanda hadi 65. Ni vyema ajue hilo mapema ili asizitumie zile 35 kabla uamuzi haujatoka.

Kuna njia moja ya kufanya hesabu hii ambayo huonekana ya kweli lakini hupotosha, nayo ni kuhesabu fedha iliyobaki mfukoni na kuiita bakaa ya masurufu. Mfuko haujui kilicho cha ofisi na kilicho chako. Ofisa aliyekula kwa bei nafuu na kubakiza sehemu ya posho, ile bakaa ni yake, kwa sababu posho hulipwa kwa kiwango. Aliyekula kwa gharama kubwa akaishiwa hawezi kuidai nyongeza. Na aliyechanganya masurufu na fedha zake atakuta mfukoni namba isiyo na maana yoyote. Bakaa hutokana na karatasi: masurufu kutoa dai halali, basi.

Dai likizidi masurufu, ofisi inakulipa tofauti. Likipungua, unarudisha. Usiombe bakaa ihamishiwe kwenye safari ijayo, hata kama iko karibu. Ofisi nyingi hukataa kutoa masurufu mapya kabla ya yale ya kwanza kufungwa, na zilizo na kanuni kali huyakata kwenye mshahara muda wa marejesho ukipita.

Hatua ya sita: jaza fomu na uwasilishe

Jaza fomu ukiwa umeshamaliza hesabu. Kila gharama iwe na mstari wake wenye tarehe, maelezo, namba ya risiti na kiasi. Usijumlishe teksi nne kwenye mstari mmoja. Panga viambatisho kwa mtiririko wa fomu: idhini, ripoti fupi ya safari kama inatakiwa, tiketi, bili ya hoteli, risiti kwa namba zake, tamko, kisha hati ya malipo ya bakaa. Gharama ambayo mwingine ameilipa, kama ile tiketi iliyonunuliwa na ofisi, itaje kwenye maelezo pamoja na neno «imelipwa na ofisi», bila kuweka kiasi kwenye safu ya dai.

Msimamizi anathibitisha kwamba safari ilifanyika na gharama zilikuwa za kazi. Mhasibu anathibitisha viwango na karatasi. Kwa hiyo jambo lolote lisilo la kawaida, kama hoteli iliyozidi kikomo kwa sababu ndiyo iliyopangwa na wenyeji, lielezwe kwa maandishi na lipate saini ya msimamizi kabla halijafika kwa mhasibu, ambaye mara nyingi hana mamlaka ya kuruhusu kilicho nje ya kanuni hata akikubaliana nawe.

Bakaa ya 30 irudishwe kwa njia rasmi, kwa mtunza fedha au kwenye akaunti ya ofisi, na kamwe isiachwe kwa mtu mkononi. Chukua stakabadhi yake, iingize kwenye dai, na ubaki na nakala ya kila karatasi. Siku chache baada ya dai kuidhinishwa, waulize wahasibu kama masurufu yale yanasomeka kuwa yamefungwa kwa jina lako, kwani idhini ya dai na kufutwa kwa deni kwenye vitabu ni hatua mbili, na hutokea ya kwanza ikafanyika wakati ya pili bado inasubiri.